Uvimbe unaorudi palepale: ni vipele vya wembe au ni ugonjwa mwingine?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nina umri wa miaka 27. Tangu nilipokuwa na miaka 19 ninaota majipu kwapani, na kwa miaka minne sasa yameanza kutokea kinenani pia. Huanza kama kokwa gumu ndani ya nyama, linauma kabla halijaonekana, kisha linakua na kupasuka, linatoa usaha wenye harufu. Nikidhani nimepona, baada ya mwezi mmoja au miwili linarudi palepale. Kwapa la kulia limepasuliwa mara tatu. Vidonge vya siku tano au saba nimevinywa mara nyingi hata nimepoteza hesabu. Siku uvimbe unapoiva siwezi kuinua mkono kuandika ubaoni, na huwa ninavaa sweta darasani kwenye joto ili madoa yasionekane.

Mhudumu mmoja wa afya aliniambia niongeze usafi. Tangu hapo ninaoga mara tatu kwa siku, ninasugua makwapa kwa dodoki, ninapaka ndimu na kunyoa kwa wembe kila wiki. Rafiki yangu anasema huu ni ugonjwa wa zinaa. Shangazi anasema nimetupiwa kijicho kwa sababu nimeposwa. Harusi ni baada ya miezi minne na mchumba wangu hajui lolote. Nimeshauriwa nipasuliwe tena. Je, nikubali kisu kwa mara ya nne? Na mchumba nimwambie, au ninyamaze mpaka nipone?

Mwalimu mwenye sweta

*

Marahaba, mwanangu.

Katika barua yako kuna neno moja lililonishika kuliko mengine yote, nalo ni “palepale”. Nilikuwa muuguzi katika kliniki ya ngozi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mgonjwa alipotueleza habari za majipu, neno hilo ndilo tulilolitegea sikio. Jipu la kawaida likishaiva na kutumbuka limekwisha, na likija jingine huota mahali pengine. Uvimbe unaorudi mahali pamoja kwa miaka minane unanifanya niulize kama kweli umepata majipu mengi yaliyokuja na kuondoka, au umekuwa na ugonjwa mmoja ambao haujaondoka hata siku moja. Sijakuona kwa macho wala mimi si daktari, kwa hiyo sitakupa jina la ugonjwa wako kwa barua. Ninachoweza ni kukuonyesha tofauti ambazo daktari wa ngozi atazitafuta, ili utakapofika mbele yake uwe unajua unachoeleza.

Nianze na jambo jepesi. Kila unywele unatoka katika kitundu chake kwenye ngozi, na kitundu hicho kikiingiwa na vijidudu au kikichubuliwa na wembe, mdomo wake huvimba. Wataalamu huita hali hiyo folikulaitisi, na sisi wengine tunaita vipele vya wembe. Kipele chake ni kidogo, mara nyingi kama punje ya mtama, kina kichwa cheupe cha usaha, na ukikitazama kwa makini utaona unywele umetoboka katikati yake. Huwasha au huchoma kidogo. Huja vingi kwa pamoja siku chache baada ya kunyoa, vikatulia ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, tena bila kuacha shimo. Ukiacha wembe kwa muda, ukaosha kwa sabuni ya kuua vijidudu, mara nyingi mambo huishia hapo. Vijidudu vikipenya chini zaidi, ndipo linapotokea jipu lenyewe, lenye kiini na maumivu ya kupwita, na hilo nalo huwa na mwisho wake.

Huu wa pili ni ugonjwa wa kina, na jina lake la kitabibu ni hidradenaitisi sapurativa. Jina hilo lina historia inayowapotosha watu hadi leo. Katika karne ya 19 daktari mpasuaji Mfaransa, Aristide Verneuil, aliuhusisha ugonjwa huu na tezi za jasho, na jina likabaki na maana ya uvimbe wa tezi za jasho. Baadaye ilikuja kufahamika kwamba tatizo huanza kwenye kitundu cha unywele, na tezi za jasho huingizwa katika ugomvi usio wao. Mdomo wa kitundu huziba kwa ngozi yenyewe inayozalishwa kupita kiasi, uchafu wa ndani unakosa pa kutokea, kitundu kinavimba kama puto, kisha kinapasuka kwa chini, ndani ya nyama, mahali ambapo jicho halifiki. Yale yaliyomwagika huko mwili huyaona kama mwiba uliochoma, ukayashambulia kwa nguvu zote. Ndiyo maana unaumia siku mbili tatu kabla hujaona kitu chochote juu ya ngozi. Vipande vya ukuta wa kitundu kile kilichopasuka hubaki ndani, navyo ni hai, huendelea kuota na kujitengenezea vijia chini ya ngozi. Usaha unaporudi unafuata vijia hivyo, ukatokea kwenye mlango uleule.

Sasa chukua kioo, mwanangu, uinue mkono mbele ya dirisha lenye mwanga. Tafuta mambo matatu. La kwanza ni vitone vyeusi vilivyokaa viwiliviwili kama macho ya samaki mdogo, kwa sababu katika ugonjwa huu vitundu viwili vya jirani mara nyingi huungana chini na kuziba pamoja; vipele vya wembe havina alama hiyo. La pili ni makovu yaliyokakamaa kama kamba au uzi uliovutwa chini ya ngozi. La tatu ni kitundu kidogo ambacho hakifungi, kinachotoa majimaji au damu kidogo ukikibonyeza pembeni, hata katika wiki ambazo husikii maumivu. Ukikibonyeza kimoja majimaji yakatokea kwenye kingine, basi kuna kijia kinachoviunganisha.

Daktari naye ataegemea mambo matatu, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu: sura ya vidonda, mahali vilipo, na kurudiarudia kwake. Mahali penyewe ni pale ngozi inaposuguana na ngozi, yaani kwapani, kinenani, chini ya matiti, kati ya mapaja na kwenye makalio. Kuhusu kurudiarudia, kipimo kinachotumiwa sana ni uvimbe mara mbili au zaidi katika miezi sita. Kwa maelezo yako wewe umepita hapo zamani. Na usijilaumu kwa kuchelewa kujua. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba kutoka dalili ya kwanza hadi kupewa jina sahihi la ugonjwa huu hupita wastani wa miaka kama saba, hata katika nchi zenye madaktari wa ngozi wengi.

Jina jingine ambalo daktari mwangalifu atataka kuliondoa mezani ni mtoki. Mtoki ni tezi iliyovimba kinenani au kwapani kwa sababu ya kidonda kilichoko mguuni, mkononi au sehemu za siri, na ngozi ya juu yake huteleza bila kushikamana nayo, angalau mwanzoni. Kifua kikuu cha tezi nacho huweza kuvimba na hata kupasuka, ila mara nyingi huja polepole bila maumivu makali. Ukiombwa kupima sukari, virusi vya Ukimwi au kifua kikuu, usidhani umetuhumiwa. Sukari na upungufu wa kinga huweza kuleta majipu ya kurudiarudia, na majibu hayo pia huamua ni dawa gani unaweza kupewa kwa usalama.

Hapo ndipo ninapotaka tuongee taratibu kuhusu maneno uliyoambiwa. Kuhusu zinaa, yapo magonjwa ya zinaa yanayovimbisha mitoki, lakini hayaleti uvimbe wa kwapani unaorudi palepale kwa miaka minane. Kama ugonjwa wako ni huu ninaoueleza, hauambukizi kwa kujamiiana, kwa kukumbatiana wala kwa kutumia taulo moja. Shangazi yako sitabishana naye, kwa maana najua anasema kwa kukupenda. Ningependa tu umuulize swali moja: katika ukoo wenu, upande wa mama au wa baba, nani alisumbuliwa na majipu ya kwapani au kinenani? Karibu theluthi moja ya wenye ugonjwa huu wana ndugu wa damu mwenye nao, na habari hizo hufichwa sana, hujulikana na mashangazi peke yao.

Neno la usafi ndilo lililoniumiza. Ugonjwa huu hautokani na uchafu. Usaha wake ukipelekwa maabara mara nyingi hauoteshi chochote, au huotesha vijidudu vya kawaida vinavyoishi juu ya ngozi ya kila mtu. Harufu inatoka kwenye usaha uliokaa ndani, haitoki kwa mtu asiyeoga. Lakini hebu tuitazame adhabu uliyoipa ngozi yako: dodoki mara tatu kwa siku, asidi ya ndimu juu ya ngozi iliyochubuka, na wembe kila wiki juu ya vitundu vinavyoziba. Msuguano ni mojawapo ya mambo yanayouchochea ugonjwa huu. Je, ikiwa juhudi yako ya kuwa safi ndiyo inayoutia kuni moto? Unaweza kujaribu kuoga kwa kiganja na sabuni laini, au sabuni ya maji ya kuua vijidudu mara moja kwa siku, kupunguza nywele kwa mkasi badala ya wembe, na kuachia sidiria na nguo za ndani zisibane. Jaribu kwa miezi miwili uone. Uzito mkubwa na sigara navyo huenda sambamba na ugonjwa huu. Hukuvitaja, nami sitakisia.

Nije kwenye kisu. Kliniki yetu ilikuwa na mgonjwa, fundi cherehani, aliyekuwa amepasuliwa kwapa la kushoto mara tano katika vituo mbalimbali kabla ya kutufikia. Kila mara usaha ulitoka, maumivu yakaisha siku hiyohiyo, akashukuru, na baada ya wiki sita au nane akarudi. Daktari alipochukua kifimbo chembamba cha chuma, butu kwenye ncha, akakiingiza katika kitundu kidogo kilichobaki kwenye kovu, kifimbo kiliteleza ndani bila kizuizi urefu wa kidole cha shahada, kikatokea upande wa pili. Mapasuo yote matano yalikuwa yamefungua mlango tu, na nyumba ilibaki imesimama.

Kwa hiyo kabla ya kukubali au kukataa, muulize daktari anakusudia upasuaji gani, kwa sababu neno “kupasua” hubeba mambo tofauti. Kuchanja na kukamua usaha ni huduma ya maumivu. Ina nafasi yake usiku ule ambao uvimbe umekaza na huwezi kulala, lakini katika ugonjwa huu uvimbe karibu kila mara hurudi. Upasuaji wa pili, uliomsaidia fundi wetu, ni wa kuezua: daktari hutia ganzi, hufuata kijia kwa kile kifimbo, hukata na kuondoa paa lake lote, hukwangua utando ulioko chini, kisha hukiacha kidonda wazi kijae chenyewe kutoka chini kuja juu. Hakishonwi. Huchukua wiki kadhaa za kusafisha na kubadilisha bandeji, na wewe mwenye kuandika ubaoni kwa mkono uleule utahitaji ruhusa kazini. Upasuaji wa tatu ni wa kuondoa eneo zima la ngozi, nao huwekewa wale ambao kwapa zima limejaa vijia vilivyounganika. Huo huhitaji mpasuaji mzoefu, na kovu lake linaweza kukaza mkono. Hata mbinu hizi mbili hazizuii ugonjwa kuota pembeni, ila pale palipoezuliwa vizuri mara nyingi hutulia.

Dawa nazo zina hesabu yake. Vidonge vya siku tano au saba ulivyokunywa vilipangwa kwa jipu la kawaida. Katika ugonjwa huu dawa hutolewa kwa muda mrefu zaidi, kwa kawaida wiki 12, na lengo lake kubwa ni kutuliza uvimbe, kuua vijidudu kukiwa ni sehemu tu ya kazi. Kwa hali nyepesi huanzwa na losheni ya klindamaisini ya asilimia 1, ya kupaka mara mbili kwa siku, au vidonge vya doksisaiklini. Wewe unaelekea kwenye ndoa, kwa hiyo mwambie daktari mapema kama mnatarajia mtoto au mtatumia uzazi wa mpango. Doksisaiklini haimfai mjamzito. Ipo pia tiba ya klindamaisini pamoja na rifampisini kwa wiki 10 hadi 12, lakini rifampisini hupunguza nguvu za vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, na ndiyo dawa yetu kuu ya kifua kikuu; ikitolewa kwa mtu mwenye kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, inaweza kukizoesha dawa. Ndiyo sababu madaktari wengi wa kwetu husita kuiandika. Kwa ugonjwa mkali kuna sindano za adalimumabu, zilizoidhinishwa kwa ugonjwa huu mwaka 2015, zenye bei kubwa na zinazohitaji kupimwa kifua kikuu kwanza. Hakuna kati ya hizi inayong’oa ugonjwa moja kwa moja. Zinapunguza idadi ya mashambulizi, na kwa mwalimu anayevaa sweta Tanga mwezi wa Februari, tofauti ya uvimbe mmoja kwa mwezi na uvimbe mmoja kwa nusu mwaka ni kubwa sana.

Nasema haya kwa sababu swali lako la pili limesimama juu ya maneno “mpaka nipone”. Ukiyafanya hayo kuwa sharti la kuzungumza, unaweza kujikuta umenyamaza miaka mingi ndani ya nyumba moja na mtu anayefua mashuka pamoja nawe. Kunyamaza kuna hatari yake: akiona usaha kwanza na kusikia maelezo baadaye, anaweza kufikiri yaleyale aliyofikiri rafiki yako. Kusema nako kuna hatari: huenda akashtuka, au akampelekea mama yake habari kabla hujajiandaa. Ipo njia ya katikati, ya kumuona daktari kwanza ukapata jina la ugonjwa, kisha ukamwambia mchumba ukiwa na jina hilo mkononi, au ukaenda naye kliniki akasikia kwa masikio yake kwamba hauambukizi. Wewe ndiye unayemjua, kwa hiyo wewe ndiye utakayepima. Ninachokuomba ni usipange upasuaji wa kuezua wiki tatu kabla ya harusi kwa haraka ya kuwa mzima siku hiyo, kwa sababu kidonda hakitakuwa kimefunga.

Kuna hali ambazo hazingoji kliniki. Ukipata homa na kutetemeka, au ngozi inayouzunguka uvimbe ikawa ya moto na ngumu na eneo hilo likapanuka kwa saa chache, au maumivu yakazidi mno kuliko uvimbe unaoonekana, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kidonda cha miaka mingi, hasa cha kinenani au kwenye makalio, kikianza kuota nyama na kukua bila kufunga, kinahitaji kukatwa kipande kikapimwe, kwa kuwa saratani ya ngozi huweza kuota juu ya vidonda vya muda mrefu.

Kwa kumpata mtaalamu, uliza katika hospitali ya rufaa ya mkoa kama wana kliniki ya ngozi. Pale KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na si madaktari pekee waliosomea huko; wamo pia maofisa tabibu wanaoujua ugonjwa huu. Usiende mikono mitupu. Kuanzia leo weka daftari: tarehe uvimbe ulipoanza kuuma, upande gani, ukubwa wake kwa mfano wa kunde au haragwe au yai la njiwa, siku ulipopasuka, na siku yako ya hedhi, kwani wanawake wengi huona uvimbe ukija siku chache kabla ya hedhi. Upige picha kwa simu unapokuwa umeiva, maana siku ya miadi huenda ukawa umenywea na daktari akaona kovu tu.

Siku hiyo vaa blauzi ya vifungo vya mbele, usipake poda wala manukato ya kwapani, na usiukamue uvimbe nyumbani ili uende ukiwa nadhifu. Acha daktari auone ulivyo, na umwonyeshe kwa kidole kitundu ambacho usaha unatokea kila mara. Kisha uniandikie aliyokuambia.

Mama yako